Unajaza Fomu ya Viza? Hizi Boksi Tatu Ndizo Huangusha Wasee wa Mtaa: Surname, Next of kin na Dependant

Umeshikana na saiba pale Kawangware 46 ama Kibera Olympic, unalipa kwa dakika, na jamaa wa saiba anakujazia fomu ya viza mbio mbio. Maswali mengi ni rahisi. Lakini kuna maneno matatu yanakaa rahisi na si rahisi, juu yanauliza kitu tofauti na kile sisi humaanisha tukiongea mtaani. Wacha tuyapitie moja moja.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Chukulia kuna dem wa miaka 24 anaishi Gatina, Kawangware. Tumpe jina la kubuni: Mercy Nekesa Wafula. Ako na mtoto wa miaka 4 anayelelewa na shosho huko ocha, Bungoma. Anataka kuenda kusoma Kanada.

Surname: fuata pasipoti, usifuate vile unaitwa

Kile kitambulisho cha zamani kiliandika majina yako yote kwa laini moja, FULL NAMES, bila kusema gani ni la ukoo. Kwa hivyo wengi wetu hatujawahi kuulizwa. Mercy, kwa mfano, mtaani ni Nekesa. Hilo ni jina alilopewa juu alizaliwa wakati wa mavuno. Wafula ni la babake. Akiulizwa jina, anasema Nekesa, na jamaa wa saiba anaweza kuliweka kwa Surname bila kuuliza.

Mtu wa viza hajali gani unalipenda. Anajali pasipoti yako ilisema nini. Fungua ukurasa wenye picha, uangalie palipoandikwa Surname na palipoandikwa Given names. Ukiwa bado na shaka, shuka chini kabisa kwa zile laini mbili za herufi na alama ambazo mashine ya eapoti husoma. Kwa laini ya juu, baada ya herufi KEN, ya Mercy itakaa hivi:

```
WAFULA<<MERCY<NEKESA
```

Kile kimekuja kabla ya alama mbili `<<` ndicho Surname. Kile kimefuata ni Given names, na alama moja `<` ni nafasi tu kati ya jina na jina. Basi. Hiyo laini ndiyo mwamuzi.

Fomu zingine hubadilisha maneno. Ukiona Family name, ni Surname ile ile. Haikuulizi jina la familia yenu yote wala la kabila. Ukiwa Mnubi wa Makina na majina yako ni lako, la babako na la babu, usianze kujadiliana na fomu eti hayo si majina ya ukoo. Angalia pasipoti imegawanya aje, unakili vivyo hivyo.

Na kama pasipoti ina jina moja pekee? Fomu ya Marekani, DS-160, inakwambia uandike hilo jina kwa Surnames, halafu kwa Given Names uandike FNU. Usijibunie jina la pili.

Kama pasipoti yenyewe iligawanya majina vibaya, dawa iko Nyayo House, kabla ya kuomba viza. Ukijaribu kurekebisha ndani ya fomu ya viza, unakuwa na karatasi mbili zenye watu wawili. Tiketi ya ndege nayo inafuata mpangilio huo huo wa pasipoti.

Next of kin: ni nani atashika simu

Hii utaipata sana kwa fomu za maajenti wa kazi za Saudia, Katari na Dubai, na pia za shule na hospitali. Inauliza jamaa wa karibu ambaye atatafutwa ukipatwa na jambo. Haikuulizi nani atarithi mali yako. Kenya, urithi unaamuliwa na wosia na Sheria ya Urithi. Kuandika jina la brathe yako hapa hakumpi shamba wala akaunti ya benki.

Sasa, shida kubwa huwa kwa kile kiboksi cha uhusiano. Mtaani, binamu ni brathe na mama mdogo ni mathe. Kwa fomu, Brother ni mtoto wa mzazi wako, na Mother ni mzazi wako. Kama Mercy alilelewa na dada ya mamake na anamwita mama, hapa ataandika Aunt. Si kumkosea heshima. Ni kwamba kuna boksi ingine inauliza jina la mama mzazi, na hizo mbili zikitofautiana, anayesoma anaanza kushuku.

Chagua mtu ambaye laini yake haizimwi kila wiki, na anajua uko wapi na nani alikupeleka. Namba andika kwa +254, ukitoa ile sufuri ya mbele. Mahali pa kuishi usiweke sanduku la posta peke yake. Andika mtaa na kijiji: Gatwekera, Kibera, Nairobi. Kisha mwambie huyo mtu kwamba umemwandika!

Dependant: hapa ndipo noma

Tukiongea, mtu anayekutegemea ni yeyote unayemtumia doh. Kwa sheria ya uhamiaji, Dependant ni orodha fupi, na kila nchi ina yake. Kanada ni mume au mke, au mpenzi mnayeishi naye kama ndoa, na mtoto aliye chini ya miaka 22 ambaye hana mume au mke. Kwa viza ya kazi ya Uingereza ni mwenzi na watoto walio chini ya miaka 18. Shosho anayetumiwa pesa kila mwezi hayuko kwa hizo orodha. Atatajwa tu pale fomu inauliza wazi ni nani unamsaidia kwa pesa.

Kuwa Dependant pia si lazima mtu asafiri nawe. Haya ni maswali mawili: uko na mtoto? Na mtoto anakuja nawe? Mercy anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza, na hapana kwa la pili. Kwa fomu ya Kanada inayoitwa Family Information, watoto wote wanaorodheshwa, hata wasioishi nawe, na kando ya kila mmoja unasema kama ataandamana nawe.

Jamaa wa saiba atamwambia, "Madam, weka hauna mtoto, itatoka haraka." Asikubali. Kanada ikigundua umedanganya kwa jambo kama hili, unaweza kufungiwa miaka 5. Na kuna kibaya zaidi. Mtu akiomba ukaazi wa kudumu bila kumtaja mtoto wake, baadaye akitaka kumleta kupitia mpango wa familia, sheria inaweza kumkatalia huyo mtoto, juu hakutajwa. Yaani uongo wa leo unaweza kumwacha mtoto Bungoma hadi awe mtu mzima.

Pia usichanganye kumtaja na kumbeba. Uingereza, tangu Machi 11, 2024, anayeomba upya viza ya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa haruhusiwi kuleta mwenzi wala watoto. Lakini fomu ikiuliza kama uko na mtoto, jibu bado ni ndiyo.

Kabla jamaa abonyeze kutuma, mwambie akugeuzie skrini. Soma hizo boksi tatu mwenyewe, pasipoti ikiwa mkononi. Jina na sahihi ni zako, si za saiba.