Lango la waifai

Lango la waifai ni ukurasa ambao hoteli au mkahawa humtaka mgeni aujaze, hotelini mara nyingi kwa namba ya chumba, kabla ya kumfungulia intaneti. Simu ya Android ikiunganishwa huomba `http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204`, ikitarajia jibu tupu lenye namba 204. Lango likidaka ombi hilo na kurudisha ukurasa wake, simu hutambua na kuleta arifa ya kuingia. Programu za ujumbe au benki hazina pa kuuonyesha ukurasa huo. Mawasiliano yake yamesimbwa, na lango haliwezi kujifanya seva yake, hivyo programu hizo hudai hakuna intaneti ingawa alama ya waifai imejaa. Arifa isipotokea, fungua `http://neverssl.com` kwenye kivinjari. Anwani ya https huweza kuishia kwenye onyo la cheti.