Fidia ya Wekundu: Istilahi na Mbinu ya Kurekebisha Rangi katika Picha za Chini ya Maji

Fidia ya wekundu ni urekebishaji wa picha iliyopigwa chini ya maji kwa kukuza thamani za rangi nyekundu kwa kadiri inayokaribia ile ambayo maji yalizipunguza, ili kitu kilichopigwa picha kionekane kwa rangi ambayo kingekuwa nayo kwenye nuru ya jua juu ya maji. Wapiga picha wengi huiita kazi hiyo kuondoa ubuluu, na kwa mazungumzo ya kawaida msemo huo unatosha, lakini unampotosha anayejifunza, kwa kuwa unamfanya adhani kwamba rangi halisi zipo zote chini ya utando wa buluu na kijani na kwamba kinachotakiwa ni kuubandua utando huo tu. Sehemu kubwa ya tatizo si kilichoongezwa bali kilichopotea. Istilahi ya jumla, urekebishaji wa rangi, ni sahihi lakini haisemi kinachorekebishwa. Neno fidia linafaa zaidi hapa kwa sababu hutaja malipo ya kitu kilichotoweka, na kama ilivyo kwa fidia yoyote, ni lazima kwanza kijulikane kiasi cha hasara.

Hasara hiyo hutokana na ufyonzaji, yaani tabia ya maji kumeza nuru na kuigeuza kuwa joto. Viungo kati ya oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli ya maji hutikisika kwa namna inayopokea nishati ya nuru nyekundu kwa wepesi kuliko ya buluu, na ndiyo maana hata maji safi kabisa, yasiyo na tope wala viumbe, huanza kwa kula wekundu. Katika maji safi, nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hupungua kwa takriban asilimia 29 kila mita, ya rangi ya chungwa yenye nanomita 600 kwa takriban asilimia 20, ya kijani yenye nanomita 550 kwa asilimia kati ya 5 na 6, na ya buluu yenye nanomita 450 kwa chini ya asilimia 1. Asilimia hizi huhesabiwa kutoka kwenye kiasi kilichopo mwanzoni mwa kila mita, wala si kutoka kwenye kiasi cha mwanzo, hivyo kupungua huko hakufuati mstari ulionyooka: baada ya mita 5 wekundu uliobaki ni kama asilimia 18, na baada ya mita 10 ni kama asilimia 3, ilhali buluu bado ina zaidi ya asilimia 90. Maji ya bahari yana chembe na mimea midogo inayoongeza upungufu wa rangi zote, lakini kwa kawaida mpangilio wa wekundu kutangulia kupotea haubadiliki.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba umbali unaohesabiwa si kina peke yake. Nuru ya jua hushuka kutoka juu hadi kwenye kitu, kisha hurudishwa na kitu hicho na kusafiri ndani ya maji hadi kwenye lenzi, na safari zote mbili hutozwa hasara ile ile. Kitu kilicho kwenye kina cha mita 10 na umbali wa mita 4 kutoka kwenye kamera kimepoteza wekundu wa safari ya mita 14. Kwa upande mwingine, flashi inayomulika kitu kilicho umbali wa mita 1 huleta nuru mpya ambayo husafiri mita 2 tu kwenda na kurudi, nayo hubakiza karibu nusu ya wekundu wake hata kama mzamiaji yuko kwenye kina cha mita 30. Hiyo ndiyo sababu picha za karibu zilizopigwa kwa flashi huhitaji marekebisho madogo, na picha za mandhari ya matumbawe, ambayo flashi haiyafikii, huhitaji fidia ya kweli.

Mbinu ya msingi ya kufidia ni urari wa nyeupe, ambao kwenye menyu za kamera huandikwa WB. Picha ya kidijiti hutunza kwa kila pikseli thamani tatu, za nyekundu, kijani na buluu, na kitu kisichoelemea rangi yoyote, kama kibao cheupe au cha kijivu, kinapaswa kuwa na thamani tatu zinazolingana. Mzamiaji hupiga picha ya kibao hicho kwenye kina kile kile na umbali ule ule wa kitu anachokikusudia, kisha programu hutafuta kizidisho cha kila rangi kitakachozifanya thamani za kibao zilingane, na vizidisho hivyo hutumika kwa picha nzima.

Chukua mfano wa kiti cha pweza mwenye vinundu vyekundu, kiumbe wa kawaida kwenye nyasi za bahari za mwambao wa Afrika Mashariki, aliyepigwa picha kwenye kina cha mita 10 akiwa umbali wa mita 1 kutoka kwenye kamera, na kando yake pamewekwa kibao cheupe. Tuseme kwenye faili ghafi, yaani faili ya RAW inayohifadhi vipimo vya kihisi kabla kamera haijavichakata, kibao kina nyekundu 40, kijani 500 na buluu 640, katika kipimo ambacho ukomo wake ni 1000. Kinundu cha kiumbe huyo hurudisha asilimia 60 ya nuru nyekundu, asilimia 10 ya kijani na asilimia 8 ya buluu, hivyo husomeka kuwa nyekundu 24, kijani 50 na buluu 51, ambayo kwa macho ni rangi ya giza inayoelekea kijani-buluu, isiyo na dalili yoyote ya wekundu. Kibao kinadai nyekundu izidishwe kwa 12.5 ili ifikie 500, kijani ibaki ilivyo, na buluu izidishwe kwa takriban 0.78. Vizidisho hivyo vikitumika kwenye kinundu, thamani zake huwa 300, 50 na 40, na wekundu hurudi kwa uwiano wake halisi.

Mfano huo huo unaonyesha gharama ya fidia. Kila kipimo cha kihisi kina kosa dogo la nasibu, na kizidisho hakichagui kati ya kipimo na kosa lake: kosa la 4 katika nyekundu hukua kuwa 50, na kwenye sehemu laini za picha huonekana kama chengachenga nyekundu. Katika faili ya JPEG hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kila rangi ina ngazi 256 tu, na mara nyingi kamera iliyoachwa kwenye urari wa kujiamulia huwa imekwisha kuzibana thamani ndogo za nyekundu hadi sifuri kabla ya kuhifadhi. Sifuri ikizidishwa kwa namba yoyote hubaki sifuri. Anayetaka kujua kama picha bado inafidika aangalie histogramu ya nyekundu: ikiwa kilima chake ni chembamba lakini kimesimama mbali kidogo na ukuta wa kushoto, kuna kitu cha kukuzwa, ikiwa kimeganda kwenye ukuta wenyewe, wekundu haumo tena ndani ya faili.

Kichujio chekundu kinachofungwa mbele ya lenzi husaidia kwa njia tofauti na inavyodhaniwa. Hakiongezi wekundu hata chembe. Hupunguza kijani na buluu, jambo linaloiruhusu kamera kupokea nuru zaidi bila rangi hizo mbili kufurika, na kwa njia hiyo kipimo cha nyekundu hupanda juu ya chengachenga. Kwa kuwa kinatumia nuru iliyopo, kinafaa pale ambapo jua bado lina nguvu, na kinapochanganywa na flashi huharibu hesabu yote, maana vitu vya karibu hupata wekundu mara mbili. Katika maji ya kijani, kama yale ya mikondo inayopokea maji ya mito wakati wa masika, kichujio chekundu kilichotengenezwa kwa maji ya buluu hakitoshi, na wapiga picha hutumia cha rangi ya majenta, ambayo hupunguza kijani hasa.

Ugumu mkubwa kuliko yote ni kwamba seti moja ya vizidisho ni sahihi kwa umbali mmoja tu. Katika mfano uliotolewa, mchanga mweupe ulio mita 5 kutoka kwenye kamera, yaani mita 4 nyuma ya kibao, utasomeka kuwa na nyekundu karibu 10 na kijani karibu 395. Baada ya kuzidisha kwa 12.5, nyekundu hufika karibu 125 tu, na mchanga hubaki na rangi ya kijani-buluu ilhali kiti cha pweza aliye mbele amekwisha kuwa sahihi. Mhariri akiongeza kizidisho ili kuusafisha mchanga, kiumbe wa mbele hugeuka kuwa wa waridi mkali, na maji ya nyuma, ambayo hayakuwa na wekundu wowote isipokuwa makosa ya kihisi, hujaa chembe za zambarau. Maji ya zambarau ndiyo alama ya wazi kuliko zote ya fidia iliyopita kiasi.

Tena, umbali unapoongezeka hujitokeza utando halisi, ambao ni nuru iliyotawanywa na maji yenyewe kuelekea kwenye lenzi bila kukigusa kitu. Utando huo hutolewa, hauzidishwi. Derya Akkaynak na Tali Treibitz walionyesha mwaka 2018 kwamba kasi ya utando kukua kwa umbali si sawa na kasi ya rangi ya kitu kufifia, ingawa kanuni zilizotangulia zilizichukulia kuwa kitu kimoja, na mwaka 2019 walitoa mbinu iitwayo Sea-thru, ambayo hutumia ramani ya umbali wa kila pikseli, hutoa utando kwanza, kisha hufidia kila pikseli kwa umbali wake. Masharti yake ni mazito kidogo: kwa kawaida ramani hiyo hupatikana kwa kupiga picha nyingi za eneo moja kutoka pande mbalimbali.

Ipo pia njia ya kuazima, iliyochapishwa mwaka 2018 na Codruta Ancuti na wenzake, ambapo nyekundu iliyofifia huongezewa sehemu ya kijani cha pikseli hiyo hiyo kabla ya urari wa nyeupe:

```
R' = R + a * (Gm - Rm) * (1 - R) * G
```

Hapa R na G ni nyekundu na kijani cha pikseli katika kipimo cha 0 hadi 1, Gm na Rm ni wastani wa rangi hizo katika picha nzima, na a ni kiwango cha nguvu ya fidia, ambacho kwa kawaida huwekwa 1. Kanuni hii hutoa picha inayopendeza na isiyo na chembe za zambarau, lakini wekundu wake umekisiwa kutoka kwenye kijani, haukupimwa. Kwa gazeti au ukuta wa nyumba hilo halina ubaya. Kwa mtafiti anayetaka kujua kama tumbawe limepauka au lina afya, picha ya namna hiyo haifai kuwa ushahidi, na inapaswa kuandikwa wazi kwamba rangi yake imekisiwa. Mwenye nia ya kupima rangi hana budi kuhifadhi faili ya RAW na kukipiga picha kibao upya kila anapobadilisha kina au umbali, kwa sababu vizidisho vya mita 5 havifai kwa mita 10.