Simu ya Samsung iliyoungua fyuzi ya Knox: kitu gani kinakufa, kitu gani kinabaki

Simu nyingi zinazouzwa Goma, Bukavu ao Bunia ni za okazioni. Zimepita mikononi mwa watu wengine, mara nyingi katika inchi zingine, na hakuna anayejua zilifanyiwa nini. Kwa simu za Samsung Galaxy kuna alama moja ya maisha ya zamani ambayo hata fundi mwenye kujua sana hawezi kuifuta. Inaitwa Knox Warranty Bit. Ni fyuzi ndogo sana ndani ya chipu kubwa ya simu.

Samsung ilianza kuiweka mwaka 2013. Inafanya kazi kama fyuzi ya umeme ya nyumba, lakini hii haibadilishwe. Simu inapotoka kiwandani, fyuzi inasomeka 0. Siku simu inawaka na programu ambayo Samsung haikuitia sahihi, umeme kidogo unapita, fyuzi inaungua, na tangu hapo inasomeka 1. Hakuna programu ya kuirudisha 0, na kufuta kila kitu katika simu hakuigusi.

Kwa nini mutu aunguze fyuzi ya simu yake? Mara nyingi hakutaka hivyo. Alitaka kuweka Android mupya kwenye simu ya zamani, ao kupata ruhusa zote za simu, ile vijana wanaita kuruti. Ili kufika kule, lazima kwanza kufungua butiloda, programu ndogo inayoamka ya kwanza mutu akiwasha simu na inayokagua sahihi ya zile zinazofuata. Katika mipangilio ya simu nyingi za zamani kuna kibonyezo cha OEM unlocking, ao Déverrouillage OEM kama simu iko kwa Kifaransa. Kukiwasha tu hakuunguze fyuzi. Ni ruhusa ya kwanza. Kisha mutu anazima simu, anaingia katika sehemu ya Download, na anashikilia kitufe cha kuongeza sauti kwa muda mrefu. Simu inamuonya, inafuta vyote vilivyo ndani, na kufuli inafunguka. Kutoka hapo, programu ya kwanza isiyo na sahihi ya Samsung inamaliza kazi. Mutu asihesabu kwamba ataishia katikati: anayefungua kufuli ajue tayari amekubali kupoteza fyuzi.

Basi nini kinakufa? Kwanza malipo ya Samsung Wallet, yale ya kugusisha simu kwenye mashine ya duka. Hapa kwetu wengi hawayatumii, lakini mwenye kusafiri na kuwa na karta ya benki ya inchi ingine atahisi pengo. Pili Secure Folder, kwa Kifaransa Dossier sécurisé, fasi ya kuficha picha na karatasi kwa nambari ya siri ya pekee. Tatu Samsung Pass, inayoshika maneno ya siri na kuyafungua kwa kidole. Kazi za Knox ambazo mashirika huweka katika simu za wafanyakazi nazo zinakataa. Samsung Health pia hukataa katika simu nyingi za namna hii.

Sababu si azabu tu. Funguo za kusoma vitu vya Secure Folder zinahifadhiwa katika sehemu ya chipu iliyotengwa na Android. Sehemu ile inatazama fyuzi mbele ya kutoa funguo. Ikikuta 1, haitoi, kwa kuwa haiwezi tena kujua kama programu inayoomba ni ya kweli ao ni ya mwizi aliyebadilisha simu.

Na M-Pesa, Airtel Money, Orange Money? Hapa watu wengi huogopa bure. Ukizitumia kwa kupiga kodi ya nyota na kruwa, fyuzi haina neno, kwa sababu kazi inapita katika karta SIM na mtandao wa kampuni. WhatsApp nayo inaendelea. Kwa aplikasyo za benki na za pesa ni hadisi ingine. Hizo kwa kawaida haziulizi fyuzi, zinauliza Google kama simu iko salama sasa. Google inatazama kama butiloda imefungwa na kama programu ni ya kiwandani. Butiloda ikiwa wazi, aplikasyo inaweza kukataa kufunguka, na Google Wallet inakataa malipo ya kugusa.

Tofauti hiyo njo inazaa ujanja wa soko. Tuseme mama mmoja wa Bukavu anaonyeshwa Galaxy S20 safi, dola 150. Mwenyeji wa zamani alikuwa ameiruti. Kisha muuzaji akarudisha programu ya Samsung na kufunga butiloda tena. Lile onyo linalotokea kwenye kioo wakati wa kuwasha, kwamba bootloader is unlocked, limepotea. Aplikasyo ya benki inafunguka. Kamera inapiga vizuri. Mama analipa. Siku ya pili anataka kuweka karatasi za kiwanja katika Dossier sécurisé, simu inakataa. Muuzaji anajibu: fanya reset. Reset haitasaidia kitu, hata mara kumi.

Angeweza kujua mbele ya kulipa, kwa dakika tatu. Njia ya haraka ni kujaribu kufungua Secure Folder pale pale. Ya hakika zaidi ni kuzima simu kabisa, kushikilia vitufe viwili vya sauti pamoja, na kuchomeka kamba ya USB iliyoungwa na ordinateri. Onyo likitokea, bonyeza kuongeza sauti mara moja na kuachilia. Usishikilie, maana kushikilia njo njia ya kufungua kufuli na kufuta vyote. Juu ya kioo kuna mistari ya maandishi madogo. Tafuta huu:

```
WARRANTY VOID: 0x0
```

Sufuri ya mwisho ni uzima. Ikiwa ni 0x1, fyuzi imeungua. Kutoka, shikilia kupunguza sauti pamoja na kitufe cha kuwasha mpaka simu ianze upya. Kwa kuingia, S10 yenye kitufe cha Bixby inaomba Bixby na kupunguza sauti. Fundi mwenye ordinateri anaweza pia kuuliza hivi wakati simu inawaka:

```
adb shell getprop ro.boot.warranty_bit
```

Jibu ni 0 ao 1. Lakini simu iliyorutiwa inaweza kudanganya hapo, kwa kuwa jibu linatoka ndani ya Android. Kioo cha Download kinaandikwa mbele Android haijaamka.

Simu yenye 1 si takataka. Kwa mwenye kupiga, kuandika WhatsApp na kutuma pesa kwa kodi, inaweza kumaliza miaka, na garanti ya simu ya okazioni mara nyingi imekwisha siku nyingi. Inaomba tu bei ya chini na muuzaji kusema ukweli. Fundi akisema atairudisha 0, swali ni moja: anabadilisha kadi mama nzima, ile yenye chipu? Kama hapana, hakuna kazi anayoifanya. Kama ndiyo, mwenye simu aondoe kwanza picha na namba zake, maana vilivyo ndani vinaondoka na kadi ya zamani.