Upungufu wa Vitamini A kwa Watoto na Vyakula vya Gharama Nafuu Vinavyouzuia

Vitamini A huhifadhiwa katika ini. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ndogo, na kwa miezi 6 ya mwanzo hutegemea maziwa ya mama. Hatari huongezeka anapoanza kulishwa, kwa kuwa uji wa mahindi meupe, wali na muhogo hauna vitamini hiyo. Surua na kuhara humaliza haraka akiba iliyobaki, na mwili uliopungukiwa hushindwa kupambana na magonjwa hayohayo.

Dalili ya mapema ni mtoto kutoona vizuri jioni: hujikwaa au hushindwa kuokota kitu kilicho karibu, ilhali mchana huona. Baadaye macho hukauka na mabaka meupe yanayofanana na povu hutokea kwenye weupe wa jicho. Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe kituo cha afya mara moja, kwani katika hatua hii chakula pekee hakitoshi na vidonda vya jicho vinaweza kuleta upofu wa kudumu.

Kinga ya kila siku hupatikana shambani. Mtoto wa miaka 2 huhitaji takriban mikrogramu 300 hadi 400 za vitamini A kwa siku. Gramu 100 za viazi lishe vyenye rangi ya chungwa iliyokolea, vilivyochemshwa, kwa kawaida huzidi kiasi hicho. Mnunuzi asidanganywe na ganda: kiazi chenye ganda jekundu kinaweza kuwa cheupe ndani, na cheupe hakina vitamini hiyo ya kutosha. Njia ya uhakika ni kukikata.

Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga pia husaidia, ingawa mwili hunyonya kidogo zaidi kutoka katika majani kuliko katika kiazi. Kwa hiyo majani yapikwe hadi yalainike na yakatwe vipande vidogo sana.

Vyakula hivi vyote vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na ambayo hunyonywa pamoja na mafuta. Kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, tui la nazi au karanga zilizosagwa laini katika chakula cha mtoto hutosha. Chakula kisicho na mafuta kabisa hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Vilevile, viazi na mboga zikianikwa juani karotini huharibika. Zikaushwe kivulini na zihifadhiwe mahali pasipo mwanga.

Vyakula hivi haviondoi haja ya matone ya vitamini A yatolewayo kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Matone hujaza akiba ya ini kwa muda, na chakula huilinda siku zote zilizobaki.