Kutoka Basra hadi Sange: historia ya kuhesabu walioachwa

Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Bukavu, haipungukiwi komite. Shule ina komite ya wazazi, soko lina yake, bomba la maji lina yake, kanisa nalo vilevile. Tuseme mtaa mmoja umependekeza watu kumi, wanaume sita na wanawake wanne, ili wapatikane watano wa kusimamia bomba. Baraza linakaa, majina yanasomwa, na wote watano ni wanaume. Mama mmoja anauliza: hii imetokea yenyewe, au imepangwa?

Kumjibu kwa haki kunataka kazi ya ajabu kidogo. Lazima uhesabu komite zote ambazo zingeweza kuundwa kwa watu wale kumi, pamoja na zile ambazo hakuna aliyezifikiria. Binadamu wamejifunza hesabu hiyo polepole, na sehemu kubwa ya safari yake haikupita kwenye vikao wala kamari. Ilipita kwenye kamusi.

Wakongo tukigusa historia ya hesabu hupenda kuanzia Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, ambako Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, wenye umri wa karibu miaka 20,000. Sitaanzia huko. Mfupa ule unatuonyesha watu wakihesabu, lakini hautuonyeshi wakihesabu namna za kuchagua. Matabibu wa India ya kale walikaribia zaidi, maana walijua kwamba ladha sita zinaweza kuchanganywa kwa namna 63. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili njia iliyo karibu zaidi inaanzia Omani.

Al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi alizaliwa Omani karibu na mwaka 718 na akafanya kazi yake Basra, Iraki. Ndiye aliyeweka kanuni za arudhi, neno ambalo bado linatajwa tunapozungumzia vina na mizani ya mashairi yetu. Alipotaka kutunga kamusi ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, alikutana na tatizo linalomsumbua kila mtunga kamusi: utajuaje kwamba hukusahau neno? Wengine wangekusanya maneno waliyoyasikia na kutumaini mema. Yeye aligeuza kazi. Maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya mizizi ya herufi mbili hadi tano, na herufi ziko 28. Basi akapanga kamusi yake juu ya mizizi yote inayowezekana, kisha kila mmoja ukaulizwa: Waarabu wanautumia, au wameuacha?

Chukua herufi tatu, k, t na b, zilizotupa kitabu na katibu. Zinaweza kupangwa kwa namna sita, maana nafasi ya kwanza ina herufi tatu za kuchagua, ya pili inabaki na mbili, ya tatu moja: 3 × 2 × 1 = 6. Katika kamusi ya al-Khalil namna hizo sita hukaa mahali pamoja, zinazotumika zikaelezwa na zilizoachwa zikajulikana kuwa zimeachwa. Ukienda kwenye herufi zote 28, mizizi ya herufi tatu tofauti ni 28 × 27 × 26, yaani 19,656. Waandishi wa baadaye wakamnasibishia jumla ya mizizi yote ya herufi tofauti mbili, tatu, nne na tano: 12,305,412. Nimeijumlisha upya, 756 na 19,656 na 491,400 na 11,793,600, na inatimia bila kupungua moja. Sehemu kubwa mno ya mamilioni hayo haijatamkwa na mtu yeyote. Ila bila kuyajua hayo yaliyoachwa, hakuna anayeweza kusema yaliyochaguliwa ni machache kiasi gani.

Kwa al-Khalil mpangilio ndio kila kitu, kwa sababu *ktb* si *kbt*. Komite haiko hivyo. Ukisoma majina kuanzia mwisho, watu ni wale wale. Kuhesabu makundi bila kujali nani katangulia kulishughulikiwa kwa upana na Ibn Mun'im, mtu wa Andalusia aliyeishi Marrakesh na kufariki mwaka 1228. Katika kitabu chake Fiqh al-hisab alirudi kwenye swali la maneno ya Kiarabu, lakini kabla yake akatengeneza mfano wa kuchezea: kuna hariri ya rangi kumi, nawe unashona vishada. Vishada vya rangi mbili ni vingapi? Vya rangi tatu?

Njia yake unaweza kuifanya kwa karatasi. Panga rangi kwa zamu. Rangi ya pili inaweza kuungana na moja iliyoitangulia, ya tatu na mbili, na kuendelea hadi ya kumi inayoungana na tisa. Jumlisha 1 + 2 + 3 hadi 9, unapata vishada 45 vya rangi mbili. Kwa rangi tatu, kila rangi mpya inaungana na jozi zote zilizoitangulia: 1 + 3 + 6 hadi 36, jumla 120. Safu hujengwa juu ya safu, na mwisho unapata pembetatu ya namba ambayo Ulaya iliipa jina la Pascal zaidi ya miaka 400 baadaye.

Hapo hapo Marrakesh, Ibn al-Banna, aliyezaliwa 1256 na kufariki 1321, alifupisha kazi. Huna haja ya kujenga safu zote. Anza na 10. Zidisha kwa 9 ugawe kwa 2, ni 45. Zidisha kwa 8 ugawe kwa 3, ni 120. Kwa 7 na 4, ni 210. Kwa 6 na 5, ni 252. Kugawa huko ndiko kunakofuta mpangilio: kila kundi lingehesabiwa mara nyingi kwa majina yaliyopinduliwa tu, na kigawanyo kinalirudisha kuwa moja. Watu kumi wa Sange, basi, wanaweza kutoa komite 252 za watu watano.

Ukitaka pia kugawa vyeo, mpangilio unarudi. Komite moja ya watano inaweza kupata prezida, sekretere na kesiye kwa namna 5 × 4 × 3, yaani 60, na 252 mara 60 ni 15,120. Kuna njia nzuri ya kujipima: anza na vyeo. Prezida kutoka kumi, sekretere kutoka tisa, kesiye kutoka wanane, ni 720. Kisha wajumbe wawili wa kawaida kutoka saba waliobaki, ni 21. 720 × 21 ni 15,120 tena. Njia mbili zikitoa namba mbili, moja imehesabu kitu mara mbili au imekisahau.

Hadi hapa hakuna aliyezungumzia bahati. Hilo lilikuja mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua juu ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Christiaan Huygens akachapisha kijitabu chenye maswali matano mwishoni, na la nne ndilo babu wa komite yetu. Kuna vibao 12, vinne vyeupe na vinane vyeusi. Mtu aliyefungwa macho anachukua saba. Ana nafasi gani ya kupata vyeupe vitatu? Vyeupe vitatu kati ya vinne huchukuliwa kwa namna 4, vyeusi vinne kati ya vinane kwa namna 70, na saba kati ya 12 kwa namna 792. Jibu ni 280 juu ya 792, yaani 35 juu ya 99. Swali lenyewe lina utelezi: vitatu kamili, au vitatu na zaidi? Ukihesabu "na zaidi", unaongeza namna 56 za kupata vyote vinne, na jibu linapanda kuwa 42 juu ya 99. Mitihani ya leo bado inawaangusha watoto hapo hapo.

Rudi sasa Sange. Komite zisizo na mwanamke ni zile za wanaume watano kati ya sita, nazo ni 6. Zenye mwanamke mmoja ni 4 × 15 = 60. Wawili, 6 × 20 = 120. Watatu, 60. Wote wanne, 6. Jumla 252, hakuna iliyopotea. Kama majina yangetolewa kwa kura ndani ya kofia, komite ya wanaume watupu ingetokea mara 6 kati ya 252, yaani mara 1 kati ya 42.

Kosa linalojirudia sana ni la kutafuta komite zenye "angalau mwanamke mmoja". Mwanafunzi anasema: nachagua mwanamke mmoja kati ya wanne, halafu wanne wowote kati ya tisa waliobaki, 4 × 126 = 504. Inasikika sawa kabisa. Lakini komite zote ni 252! Nafasi imekuwa 2, na nafasi haivuki 1. Kilichotokea ni kwamba komite yenye wanawake wawili imehesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila mmoja aliyetangulizwa, na ile yenye wanne mara nne. Njia salama ni kutoa: 252 toa 6, zinabaki 246. Hatari ni kwamba pakiwa na watu wengi na wanawake wachache, kosa hilo hilo linaweza kutoa namba iliyo chini ya jumla, na hapo hakuna kitu kinachopiga kelele. Pima kwa kugawa visa, sifuri, mmoja, wawili, kisha ujumlishe.

Kwa mtoto wa Sange anayesoma hesabu hii katika humanités kwa Kifaransa kuna kero nyingine ndogo. Yeye huandika C₁₀⁵, kumi chini na tano juu. Vitabu vya Kiingereza huandika ¹⁰C₅, kumi juu na tano chini. Akikutana navyo, aangalie namba iliyo kubwa; hiyo ndiyo ya watu waliopo.

Je, mama yule ajibiwe nini? 1 kati ya 42 si ushahidi wa hila. Katika vikao vingi vya namna hii, mara moja moja wanaume watano wangetoka kwa kura safi kabisa. Tena komite za kweli hazitolewi kwenye kofia. Watu wanaangaliwa ujuzi, familia, mtaa, na nani ana muda. Hesabu yetu inachukulia kwamba kila kundi lina nafasi sawa, na hilo ni kweli kwa vibao vya Huygens kuliko kwa jirani zako. Inachoweza kusema ni kwamba bahati peke yake ingetoa matokeo hayo kwa nadra, kwa hiyo aliyechagua anadaiwa maelezo. Sheria ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za wanawake na usawa wa jinsia nayo inampa mama huyo pa kusimama.

Lakini namba 252 haipatikani kwenye majina matano yaliyosomwa. Inatoka kwenye yale kumi. Wangekuwa wamependekezwa wanaume sita tu, komite ya wanaume watupu ingekuwa lazima, na lawama ingehamia kwa waliopendekeza. Ukisomewa komite mpya barazani, omba kwanza orodha kamili ya waliopendekezwa.