Tofauti ya saa ya jua

Mwanzoni mwa Novemba jua la Nairobi huchomoza kama saa 12:12 asubuhi. Katikati ya Februari huchomoza kama saa 12:42. Mwaka mzima macheo hayatoki nje ya nusu saa hiyo. London, tukiacha ile saa moja wanayoisogeza mbele majira ya joto, jua huchomoza saa 9:43 alfajiri katikati ya Juni na saa 2:06 asubuhi mwishoni mwa Desemba. Hizo ni zaidi ya saa nne.

Tofauti ya miji hii inatokana na mwinamo wa mhimili wa dunia, nyuzi 23.4. Kwa sababu yake jua huonekana likihamia kaskazini hadi Juni, kisha kusini hadi Desemba. Aliye kwenye ikweta, upeo wa macho yake hupita kwenye ncha zote mbili za anga, kwa hiyo hukata njia ya jua katikati, liwe kaskazini au kusini. Kwingineko njia hiyo imelala kiubavu, na upeo huikata vipande visivyolingana. Hesabu yake ni fupi:

sin(x) = tan(latitudo) × tan(23.4°)

Hapo x ni nyuzi ambazo macheo ya Juni au Desemba yanasogea kutoka pale yalipo Machi, na kila nyuzi ni dakika 4. London, latitudo 51.5, x ni nyuzi 33, yaani saa 2 na dakika 12 kila upande. Nairobi, latitudo 1.3, ni dakika 2 tu na ushei.

Basi nusu saa ya Nairobi imetoka wapi? Imetoka kwenye pengo kati ya saa ya kivuli na saa ya ukutani, na hapa ndipo istilahi yetu inapohitajika. Wanafalaki wa Ulaya walilipa pengo hilo jina ambalo neno kwa neno ni “mlinganyo wa wakati”, lakini msomaji wa leo atatafuta alama ya sawasawa. Maana yake ya zamani ni sahihisho: dakika za kuongeza au kupunguza ili saa ya kivuli ikubaliane na saa ya ukutani. Kwa hiyo nachagua “tofauti ya saa ya jua”. Dunia huenda kasi zaidi Januari, inapokuwa karibu na jua, na mwinamo nao huongeza athari yake. Mwishoni mwa Desemba, kutoka adhuhuri moja hadi nyingine hupita saa 24 na takribani sekunde 30. Sekunde hizo hujikusanya, na kati ya Novemba na Februari jua huchelewa dakika 30 hivi.

Ukitaka kuhakikisha, tazama machweo. Nairobi nayo huchelewa Februari kwa kiasi kilekile, maana siku nzima imesogea bila kurefuka. London machweo huenda kinyume na macheo. Hata hivyo tofauti hii ipo London pia, imefunikwa tu: ndiyo inayofanya macheo yaendelee kuchelewa hadi mwisho wa Desemba, siku kadhaa baada ya ile siku fupi kuliko zote.