Ufunguo si umbo la mkono

Mpiga gitaa wa Kitswamba aliye na wimbo vidoleni huku jina limempotea huulizwa kwanza: ufunguo gani? Akijibu "G" kwa kuwa mkono wake umeshika umbo la G, ilhali kapo iko freti ya pili, amepotosha msako. Sauti inayosikika ni A. Ufunguo ni noti ambayo wimbo unatua juu yake, hata kidole kiwe wapi.

Ndiyo maana kodi huandikwa kwa namba. Chukua sebene, zile za Kongo zinazosikika hadi Bwera mpakani: maumbo G, C, D, C ni 1-4-5-4, na kapo haibadilishi namba hizo. Shida ni kwamba mfuatano huo umebeba sebene nyingi mno. Hapo kasi husaidia. Ukihesabu mapigo 31 kwa sekunde 15, ni 124 kwa dakika. Aliyeruka pigo moja moja atapata 62, basi tafuta kwa zote mbili. Kaseti iliyokimbia hupandisha ufunguo na kasi pamoja: nusu toni juu, 124 inakuwa kama 131.

Usiishie kwenye sebene. Mwanzo wa rumba huwa na mwendo wake wa taratibu, na mara nyingi ndiko iliko kodi adimu. A ndogo ndani ya ufunguo wa G, yaani namba 2, huondoa nyimbo nyingi kuliko kasi yoyote.